Wasifu uwe kurasa ngapi kama tangazo la kazi ni refu na wewe una uzoefu wa miaka mingi?

Swali hili naulizwa kila mara, na karibu wote wanaouliza wana hali moja. Wamefanya kazi miaka 15, 20 au zaidi. Wameona tangazo linalowafaa, nalo ni refu: majukumu 15, sifa 12, na kila mstari unaonekana kudai jibu. Wanaanza kujibu mstari kwa mstari, wanaongeza kazi zote walizowahi kufanya, na wakija kuhesabu wamefika kurasa 5 au 6. Hapo wanakumbuka waliambiwa wasifu usizidi ukurasa mmoja, na hawajui wafuate lipi.

Jibu la haraka kwa mtu wa namna hiyo ni kurasa 2. Tatu zinakubalika kwa sababu chache nitakazozitaja. Moja karibu haiwezekani, na ule ushauri wa ukurasa mmoja unawafaa zaidi wanaoanza kazi. Lakini usiishie kwenye jibu la haraka, kwa sababu kurasa 2 zilizojazwa vibaya zinakukosesha usaili sawasawa na kurasa 6. Hapa chini nakuonyesha jinsi ya kuufikia urefu huo kwa hesabu, ukianzia kwenye tangazo lenyewe.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

Tangazo zima, si picha ya nusu yake uliyotumiwa kwenye simu. Lichapishe kwenye karatasi kama unaweza, maana utaliandikaandika.

Wasifu mama. Hili ni faili lako la ndani lenye kila kitu: kazi zote, tarehe, vyeo, mafunzo, miradi, takwimu. Linaweza kuwa na kurasa 10, haidhuru, kwa kuwa halitumwi kwa mtu yeyote. Kama huna, wasifu wako wa sasa mrefu ndio ubaki kuwa wasifu mama, na wa kutuma uanze kwenye faili tupu. Wengi wanakwama kwa sababu wanajaribu kupunguza faili lile lile la kurasa 6, na kila sentensi wanayotaka kuifuta wanaiona kama mali inayopotea. Ukijua ipo salama mahali pengine, mkono unakuwa mwepesi.

Kalamu za rangi mbili au tatu, na saa 3 tulivu.

Hatua ya 1: Angalia kama urefu umeshaamuliwa

Soma maelekezo ya kutuma maombi kabla ya kusoma majukumu. Tangazo likisema kurasa zisizidi 2, basi ni 2, hata kama una miaka 30 kazini. Likikupa fomu au mpangilio wa kujaza, jaza huo. Na likitaka maelezo ya pekee ya jinsi unavyokidhi kila kigezo, mzigo wa kujibu kigezo kimoja kimoja umehamia kwenye waraka huo, na wasifu unaweza kuwa mwepesi.

Nafasi za kufundisha chuo kikuu na za utafiti zina desturi yake. Huko orodha ya machapisho, makongamano na wanafunzi uliowasimamia ni sehemu ya wasifu, na kurasa 8 si ajabu. Kama unaomba huko, mwongozo huu haukuhusu.

Hatua ya 2: Punguza tangazo kabla ya kupunguza wasifu

Hapa ndipo urefu unapoamuliwa kwa kweli, kwa hiyo usipite haraka.

Tangazo refu mara nyingi ni tangazo linalojirudia. Linaandikwa kwa kuunganisha maelezo ya kazi yaliyokuwepo ofisini, mistari ya idara ya rasilimali watu, na matakwa ya mkuu wa kitengo, na hakuna aliyekaa akayachuja. Jambo moja linatokea kwenye majukumu kama "kusimamia mikataba", kwenye sifa kama "uzoefu wa kusimamia mikataba", halafu tena kwenye ujuzi kama "uelewa mzuri wa usimamizi wa mikataba". Ukiijibu mistari hiyo mitatu mara tatu, umeshapoteza mistari kadhaa ya wasifu kwa jambo moja.

Chukua kalamu. Kwanza futa mistari ya tabia: awe mwaminifu, afanye kazi bila kusukumwa, ashirikiane na wenzake. Haihitaji mistari yake kwenye wasifu. Itaonekana ndani ya ulichofanya, au kwenye usaili. Kisha unganisha mistari inayosema jambo moja uipe jina moja fupi. Mwisho, lipe kila kundi herufi: L kwa la lazima, M kwa muhimu, Z kwa la ziada.

La lazima unalitambua kwa maneno kama "lazima", "asipungue miaka", cheti au leseni iliyotajwa kwa jina, na pia kwa kurudiwa. Jambo lililorudiwa mara 4 au 5 kwenye tangazo ndilo linalomuuma mwajiri, hata kama hakuandika neno "lazima". La ziada huwa na maneno kama "itakuwa faida" au "atapewa kipaumbele".

Nikupe mfano niliokaa nao mwenyewe meza moja. Dada mmoja mwenye miaka 22 kwenye ununuzi na stoo alikuwa anaomba nafasi ya meneja wa ununuzi na ugavi. Tangazo lilikuwa na mistari 30: majukumu 17 na sifa 13. Mistari 4 ilikuwa ya tabia, tukaifuta. Ile 26 iliyobaki ilijikusanya hivi:

- Shahada na usajili wa kitaaluma: mistari 2, L
- Miaka 10 ya ununuzi, 5 kati yake akiwa msimamizi: mistari 2, L
- Kuendesha zabuni mwanzo hadi mwisho: mistari 5, L
- Kusimamia mikataba na wazabuni: mistari 4, L
- Kuongoza watu: mistari 3, L
- Bajeti na kupunguza gharama: mistari 4, M
- Stoo na kuhesabu mali: mistari 3, M
- Mfumo wa kompyuta wa ununuzi: mistari 2, M
- Kuagiza mizigo kutoka nje: mstari 1, Z

Mistari 30 imekuwa mambo 9. Wasifu wake wa kurasa 6 ulikuwa unajibu mistari 30. Wa kutuma ulitakiwa kujibu mambo 9, na mawili ya kwanza hayahitaji hata sentensi: la elimu linajibiwa na sehemu ya elimu, na la miaka linajibiwa na tarehe zilizo pembeni mwa kila cheo.

Hatua ya 3: Chagua ushahidi wa kila jambo

Kwa kila jambo lililobaki, fungua wasifu mama utafute mahali ulipolifanya. Mtu wa miaka 20 atapata sehemu 4 au 5 kwa kila jambo, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia cha kuziandika zote. Usizichukue zote. Kwa jambo la L chukua ushahidi 2 hadi 3, kwa la M 2, kwa la Z mmoja. Kila ushahidi utauandika kama hoja moja chini ya cheo chake.

Ukiwa na ushahidi wa miaka tofauti, chukua wa karibuni. Zabuni ulizoendesha mwaka jana zinamwambia msomaji unachoweza kufanya sasa. Za miaka 14 iliyopita zinamwambia ulianza lini tu. Rudi nyuma zaidi ya miaka 10 hadi 15 pale tu ambapo kitu kinachotakiwa ulikifanya zamani na hukukifanya tena. Yule dada, kwa mfano, kuhesabu mali alikufanya kwa mikono yake alipokuwa stoo, zaidi ya miaka 15 nyuma. Tangazo lilikuwa na mistari 3 juu ya stoo, kwa hiyo hoja 2 za enzi zile tuliziacha zikae. Mambo mengine yote ya zamani yalikuwa yanarudia alichokifanya kwa ukubwa zaidi baadaye.

Hapo alinigomea. Kazi yake ya kwanza, karani wa stoo, ilikuwa na nusu ukurasa mzima. "Kaka, hapo ndipo nilipojifunza kazi. Ukipafuta hapo umenifuta mimi." Namwelewa, na watu wengi wa umri wetu wako hivyo, kazi ya kwanza ina uzito moyoni ambao haina kwenye tangazo. Hatukuifuta. Ilibaki na cheo, mwajiri, tarehe na hoja moja. Kilichoondoka ni ile orodha ya majukumu 11 ya kila siku, ambayo msomaji anayejua karani wa stoo hufanya nini hakuihitaji.

Hatua ya 4: Hesabu mistari uliyo nayo

Watu hupima wasifu kwa kurasa. Wewe upime kwa mistari, kwa sababu mstari ndio unaoamua kuuweka au kuutoa.

Fungua faili tupu la A4, pambizo sentimita 2.5 kila upande, fonti ya kawaida ya pointi 11, nafasi kati ya mistari 1.15. Ukurasa kama huo unabeba mistari 45 hivi. Kurasa 2 ni mistari 90.

Sasa toa kwanza ile ambayo lazima iwepo. Kwa yule dada ilikuwa hivi: jina na mawasiliano mistari 3, muhtasari 5, elimu na usajili 5, mafunzo 3, mifumo ya kompyuta na lugha 3. Vichwa vya sehemu vilikuwa 5, kila kimoja kinakula mistari 2 ukihesabu na nafasi iliyo juu yake, jumla 10. Hiyo ni mistari 29. Alikuwa na vyeo 5 kwa waajiri 3; kila cheo kinataka mstari wa jina na tarehe pamoja na nafasi tupu, yaani mistari 10 mingine. Tumefika 39 kabla hajasema hata jambo moja alilolifanya.

Hapa ukurasa mmoja unajiondoa wenyewe. 45 ukitoa 39 zinabaki 6, na hoja moja iliyoandikwa vizuri inachukua mistari 2. Hoja 3 kwa miaka 22, wakati tangazo linauliza mambo 7! Akijibana hapo ataacha mambo ya lazima bila jibu.

Kwa kurasa 2, 90 ukitoa 39 zinabaki 51. Mahitaji yake yalikuwa hoja 8 kwa yale mambo matatu ya L, hoja 6 kwa yale matatu ya M, na 1 kwa la Z. Hoja 15, mistari 30. Tukaongeza mistari 2 kwa kila mwajiri ya kueleza ukubwa wa mahali pale, maana "ofisa ununuzi" wa ofisi ya watu 12 na wa shirika la watu 2,000 ni kazi mbili tofauti. Jumla mistari 36. Zikabaki 15 za kuvuta pumzi na za hoja chache za kazi za nyuma.

Kurasa 3 zingempa mistari 45 zaidi. Angeijaza na nini? Hoja 22 ambazo hazina jambo hata moja la kujibu kwenye tangazo. Kwa hesabu hiyo alikubali kurasa 2 bila kubishana tena.

Fanya hesabu hii kwa namba zako. Inachukua dakika 15, na inamaliza mabishano ya mwezi mzima.

Hatua ya 5: Gawa hoja kwa vyeo, nyingi juu, chache chini

Cheo cha sasa kipewe hoja 5 au 6, kinachofuata 3 au 4, kinachofuata 2 au 3, na vya zamani hoja 1 au mstari mtupu wenye cheo, mwajiri na tarehe. Mgawanyo wa sawasawa, hoja 5 kila cheo, ndio unaozidisha kurasa.

Kwa huyu dada ilikuwa 6, 4, 3, 2, 1: hoja 16, na moja tu kati yake, ile ya karani wa stoo, haikuwa na jambo la kujibu kwenye tangazo. Hizo 2 za cheo cha nne ndizo zile za kuhesabu mali.

Hatua ya 6: Andika kila hoja iingie mistari 2

Hii ndiyo kazi ya mikono. Angalia hoja aliyokuja nayo:

"Nilihusika katika shughuli zote za ununuzi ikiwa ni pamoja na kuandaa nyaraka za zabuni, kutangaza zabuni, kupokea na kufungua zabuni, kushiriki katika tathmini ya zabuni, kuandaa ripoti ya tathmini, kuwasilisha ripoti kwa kamati, kuandaa barua za kuwajulisha washindi na walioshindwa, na kufuatilia utiaji saini wa mikataba kwa wakati."

Msomaji anayeajiri meneja wa ununuzi anaijua safari ya zabuni kuliko wewe unavyoweza kumweleza. Anachotaka kujua ni ngapi, kubwa kiasi gani, na kitu gani kilibadilika ulipokuwepo wewe. Nikamuuliza zabuni zilikuwa ngapi kwa mwaka. Akafikiri, akasema 40 hivi. Zilikuwa zinachukua muda gani? "Zamani siku 75. Tulipobadilisha utaratibu wa kamati zikafika 50." Hakuwahi kuliandika hilo popote! Hoja ikawa:

"Niliendesha zabuni 40 hivi kwa mwaka, kuanzia nyaraka hadi mkataba, nikabadilisha ratiba ya kamati na muda wa zabuni ukashuka kutoka siku 75 hadi 50."

Imepungua kwa nusu, na inasema zaidi. Jiulize maswali hayo hayo kwa kila hoja. Ila weka namba ambayo unaweza kuitetea kwenye usaili ukiulizwa uliipataje. Kama huna uhakika andika "hivi" au "takribani", na kama huikumbuki kabisa usiibuni.

Tumia maneno ya tangazo pale yanapolingana na ulichofanya. Likisema "usimamizi wa wazabuni", usiandike "uhusiano na wauzaji". Maombi mengi hupita kwanza kwenye mfumo wa kompyuta au kwa ofisa asiye wa fani yako, na wote wawili wanatafuta neno lile lile lililoandikwa. Kulitaja mara moja au mbili mahali pake kunatosha.

Hatua ya 7: Jaribu ukurasa wa kwanza peke yake

Chapisha. Ufiche ukurasa wa pili. Ushike ule wa kwanza pamoja na orodha yako ya makundi, uweke alama kwa kila jambo la L unaloliona. Yote ya L lazima yaonekane hapo, kwa sababu anayechambua maombi 200 anaamua kwenye ukurasa wa kwanza kama atafungua wa pili.

Jambo la L likiwa limejificha ukurasa wa 2, lipandishe kwenye muhtasari. Kwa yule dada usajili wa kitaaluma ulikuwa mwishoni kabisa, chini ya elimu. Tuliuweka kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari: miaka 22 ya ununuzi na ugavi, 10 ya usimamizi, na usajili wake kwa jina kamili. Mstari mmoja ukajibu mambo mawili ya lazima.

Hatua ya 8: Funga kurasa

Weka jina lako na namba ya ukurasa kwenye ukurasa wa 2. Mawasiliano yawe ndani ya ukurasa wenyewe, si kwenye sehemu ya juu inayojirudia, maana baadhi ya mifumo ya kupokea maombi haisomi sehemu hiyo. Angalia cheo kisikae peke yake chini ya ukurasa huku hoja zake ziko upande wa pili. Hifadhi kama PDF isipokuwa tangazo limetaka aina nyingine, kisha ulifungue kwenye simu na kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kurasa 2 bado ni 2.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kubana maandishi badala ya kuyapunguza. Fonti inashuka hadi pointi 9, pambizo hadi sentimita 1, na kurasa 4 zinaonekana 2. Msomaji anauona ukuta wa maneno na anaruka. Usishuke chini ya pointi 10.5 wala pambizo ya sentimita 2.

Kunakili majukumu ya tangazo na kuyageuza kuwa yako. Aliyeandika tangazo anayajua maneno yake, na akiyaona yamerudi yalivyo anajua hakuna kilichofanyika nyuma yake.

Mafunzo yote ya siku moja na mbili. Nimeona wasifu wenye semina 31. Chagua 3 au 4 zinazogusa tangazo.

Nusu ukurasa wa wadhamini wenye anwani na namba zao. Kama tangazo limewataka, waandike kwa kifupi au uwaambatishe kwenye karatasi ya pembeni. Kama halikuwataka, waache.

Kuficha maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili mfumo uyaone na mtu asiyaone. Mfumo ukiyatoa yote kama maandishi ya kawaida, yanatokea mbele ya ofisa, na huna la kujitetea.

Ukikwama

*Nimefika kurasa 2 na mistari 6.* Usiguse fonti. Tafuta hoja zinazomaliza kwa neno moja au mawili kwenye mstari wa tatu. Kila moja ukiipunguza maneno mawili unapata mstari mzima. Kwenye wasifu wa kurasa 2 mara nyingi ziko 4 au 5. Zikiisha, tazama jambo la M lenye hoja 2 uliache na 1.

*Nimebaki na ukurasa mmoja na mistari 8.* Ukurasa wa 2 usiofika nusu unaonekana kama mabaki. Kwa mtu mwenye uzoefu mrefu dalili hii mara nyingi inasema umekata ushahidi wa L. Rudi kwenye wasifu mama uurudishe.

*Tangazo linataka miaka 15. Nikifupisha kazi za zamani si nitaonekana sina?* Miaka haihesabiwi kwa hoja, inahesabiwa kwa tarehe. Weka kichwa kidogo cha "Kazi za awali" na chini yake mstari mmoja mmoja: cheo, mwajiri, mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Mistari 3 inaweza kubeba miaka 8. Usifute kazi kabisa kama miaka yake inahitajika kufikisha idadi.

*Nimekuwa kwa mwajiri mmoja miaka 20.* Mtenganishe kwa vyeo, kila cheo na tarehe zake, kisha ufuate hatua ya 5 kama vile ni waajiri tofauti. Ukiandika miaka 20 kama kazi moja yenye hoja 14, msomaji haoni kupanda kwako.

*Nafanya kazi za mikataba mifupi, nina miradi 30.* Yaweke chini ya kichwa kimoja, taja idadi na aina kwa mistari 2, kisha ueleze miradi 5 au 6 inayogusa L na M. Iliyobaki, kama mwajiri ni wa kutaka orodha kamili, iwe kiambatisho chenye kichwa chake. Kiambatisho hakihesabiwi ndani ya kurasa 2, ila kisibebe jambo lolote la lazima, kwa kuwa wengine hawakifungui.

*Nimekata kila kitu na bado ni kurasa 2 na nusu, na kila hoja inajibu L.* Hapa kurasa 3 ni halali. Hutokea kwa nafasi za juu kabisa zenye mambo ya lazima 9 au 10, na kwa kazi za kiufundi ambapo mwajiri ametaja mitambo au mifumo mingi kwa majina na anataka kuona kila mmoja ulifanyia nini. Kabla ya kukubali, hesabu tena makundi ya hatua ya 2. Mara nyingi nikihesabu na mtu tunakuta makundi mawili ya L ni kundi moja lililoandikwa kwa maneno mawili, na ile nusu ya ziada inayeyuka hapo hapo.

*Kuna nafasi nyingine ninayoiomba wiki hii, nitumie huu huu?* Muhtasari na mpangilio wa hoja ubadilike, kwa sababu L za tangazo lingine si hizi. Anza tena hatua ya 2. Ukiwa na wasifu mama uliokamilika, mara ya pili huchukua saa moja.